Hesabu ya Wateja Walio Njiani

Mjini Iringa kuna duka la vifaa vya umwagiliaji ambalo mbele limejaa roli za poli paipu, mipira ya matone, filta na koki, na nyuma lina chumba chenye meza mbili na kompyuta moja. Humo ndimo msimamizi wa mauzo, mama mtu mzima ambaye vijana wake humwita Mama tu, hukaa mwanzoni mwa kila robo ya mwaka kutengeneza kitu ambacho wateja hawakioni. Ni karatasi ya makadirio inayosema, kati ya wakulima wote walioulizia mifumo ya kumwagilia, ni shilingi ngapi zitakazoingia kweli kabla robo haijaisha.

Karatasi hiyo ina uzito zaidi ya inavyoonekana. Mvua za Iringa hukatika kati ya Aprili na Mei na hazirudi kwa uhakika mpaka Novemba, hivyo mwenye nyanya Ilula au vitunguu Ruaha Mbuyuni humwagilia kiangazi chote. Mahindi ya masika yakishavunwa na kuuzwa, fedha huonekana mikononi, na maulizo humiminika Juni na Julai. Lakini mipira ya matone hutoka nje ya nchi kwa kontena, na kontena huagizwa mapema. Ukiagiza kidogo, mkulima anayelipa Agosti hukuta stoo tupu, naye miche yake haingoji. Ukiagiza mingi, fedha ya duka inalala sakafuni mpaka kiangazi kingine. Kwa hiyo Mama huyu anahesabu, na niliomba nimtazame akihesabu makadirio ya Julai hadi Septemba. Namba nitakazozitaja nimezilainisha ziwe rahisi kufuata na zisifichue biashara yake, ila uwiano wake ni ule ule.

Jambo la kwanza nililoliona ni jinsi alivyozigawa hatua. Mteja anaweza kuwa katika hatua moja kati ya nne: ulizo, ziara, bei, makubaliano. Baada ya hapo analipa malipo ya awali, nusu ya thamani ya mfumo, na hapo hahesabiwi tena kuwa yuko njiani. Majina hayo ni ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni kwamba kila hatua imeandikiwa sharti lake, na sharti hilo ni kitendo cha mkulima, kamwe si kitendo cha muuzaji.

Hatua ya ziara, kwa mfano, haianzi kijana wa mauzo anapopanda pikipiki kwenda shambani. Inaanza mkulima anapomwonyesha mipaka ya shamba na chanzo cha maji, na maji yakapimwa. Hatua ya bei haianzi profoma inapotumwa kwa WhatsApp. Inaanza mkulima anapokaa na mchoro wa mfumo, akauliza maswali juu yake, akasema atalima nini na lini. Makubaliano yanahitaji mawili: bei imekubaliwa, na mkulima ameonyesha fedha itatoka wapi, iwe akiba, mauzo ya mahindi, au barua ya benki inayosema mkopo umepitishwa. Kwa shamba linalochukua maji mtoni linahitajika na la tatu, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambacho kinatakiwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Bila kibali, benki nyingi hazisogei, na mteja anabaki kwenye hatua ya bei hata akiwa na hamu kiasi gani.

Nilimuuliza kwa nini anashikilia hivyo. Akajibu, "Kijana akituma profoma kumi, amefanya kazi kumi. Lakini wakulima bado hawajafanya kitu. Mimi nahesabu waliofanya."

Baada ya hatua zikafuata asilimia, na hapa ndipo uvumilivu wake unapoanza kuonekana. Hakuziokota asilimia zake kwenye programu ya kompyuta, wala hakuwauliza vijana wanahisije. Alifungua faili la maulizo ya miaka miwili, akaacha nje yale ambayo bado yako hai kwa kuwa mwisho wake haujulikani, akabaki na maulizo 240 yaliyokwisha. Kwa kila moja alitafuta tarehe ya kuingia kila hatua. Alipokuta tarehe haipo, alifungua kitabu cha ziara. Kitabu kikikaa kimya, alimpigia kijana aliyehusika. Kazi hiyo haiendi haraka, na hakujaribu kuiharakisha.

Akapata hivi. Kati ya wakulima 240 waliouliza, 120 walifika ziara, 80 walifika bei, 48 walifika makubaliano, na 36 walilipa. Asilimia za hatua zinatokana na walipaji wale wale 36, wakigawanywa kila mara kwa idadi ya waliowahi kufika hatua hiyo. Aliyeuliza tu ana uwezekano wa asilimia 15, aliyefika ziara 30, aliyefika bei 45, aliyefika makubaliano 75. Asilimia 45 si maoni juu ya mkulima huyu au yule. Ni kumbukumbu: kati ya watu waliowahi kusimama hapa, pungufu kidogo ya nusu walilipa.

Kugawanya ni kwepesi. Ugumu upo katika kujua nani wa kuhesabiwa, na nilimwona akikaa muda mrefu kwenye wale 80 wa hatua ya bei. Walipaji ni 36. Waliosema wazi kwamba hawataki, au wamenunua kwingine, ni 20. Wamebaki 24 ambao hawakusema kitu: simu inaita haipokelewi, au inapokelewa na kusikika "tutawasiliana". Kwenye daftari la vijana hawa 24 hawakuwahi kuandikwa kuwa wamepotea, kwa sababu hakuna kijana anayependa kuandika hivyo juu ya mteja wake mwenyewe. Sasa, ukiwaacha nje, unagawanya 36 kwa 56 na unapata asilimia 64. Ukiwaingiza, unagawanya kwa 80 na unapata 45. Tofauti hiyo, kwenye mauzo ya milioni 100 yaliyo kwenye hatua ya bei, ni shilingi milioni 19 ambazo hazipo. Nadhani makadirio mengi ya mauzo huharibikia hapa hapa, kwa kusahau waliokaa kimya. Mama aliwapitia mmoja mmoja, akaandika mbele ya kila jina: amepotea, na tarehe ya mara ya mwisho aliyozungumza naye mtu wa duka.

Alipomaliza yaliyopita akageukia yaliyopo. Daftari la wateja walio njiani lilikuwa na majina 41, thamani zaidi ya shilingi milioni 760. Hakuzidisha chochote bado. Kwanza alipanga majina kwa umri, yaani siku ambazo mteja amekaa kwenye hatua aliyopo, mkubwa juu. Kumbukumbu za miaka miwili zilimwonyesha kwamba waliolipa, karibu wote, walilipa kabla ya siku 120 kupita tangu kufika hatua ya bei. Aliyekaa hapo siku 120 hafanani tena na wale walioizaa asilimia 45, hata kama jina la hatua ni lile lile. Ndiyo maana kila aliyepita siku 120 alipigiwa simu siku hiyo hiyo.

Nilisikiliza simu kadhaa. Hakuna hata moja aliyoshawishi. Alisalimia kwa utulivu, akauliza habari za nyumbani na za shamba, kisha swali moja: "Mzee wangu, unatarajia kupanda lini?" Mmoja alitaja wiki ya pili ya Agosti na akaeleza kwamba anasubiri kuuza mahindi, akaandikiwa tarehe mpya na akabaki. Wengine walizungumza kwa upole bila kutaja siku yoyote. Majina 9, yenye thamani ya milioni 90, yakahamishiwa ukurasa mwingine anaouita waliolala. Hakuyafuta, kwa kuwa mkulima anaweza kuamka kiangazi kijacho, lakini katika hesabu ya robo hii hayamo.

Kisha akaja kwenye safu ya thamani, na hapo maarifa ya shamba yaliingia ndani ya maarifa ya hesabu kwa namna ambayo sikuitegemea. Kulikuwa na ulizo la mkulima mwenye eka 10 za nyanya. Kijana alikuwa ameandika thamani ya mfumo wa eka 10. Mama akauliza maji yanatoka wapi. Kisima, akajibu kijana, mkulima anasema kinatoa lita 3,000 kwa saa.

Akachukua kalamu. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Kiangazi nyanya zilizokomaa huhitaji maji ya kimo cha kama milimita 5 kwa siku, nayo ni lita 20,000 na ushee kwa eka. Kisima kinachotoa lita 3,000 kwa saa, kikipampiwa saa nane, kinatoa lita 24,000. Kwa hiyo maji hayo yanatosha eka moja. Na hata eka hiyo moja haiwezi kufunguliwa yote kwa pamoja. Mistari ikiachana mita moja na nusu, inaingia mipira ya kama mita 2,700. Matundu yakiwa kila sentimita 30, ni kama matundu 9,000. Kila tundu likidondosha lita moja kwa saa, yote yakiwa wazi yanataka lita 9,000 kwa saa, mara tatu ya uwezo wa kisima. Eka itagawanywa vipande vitatu, kila kimoja na koki yake, vimwagiliwe kwa zamu.

Mkulima yule hajadanganya. Ana eka 10 kweli, na ana ndoto ya kuzimwagilia zote. Ila atakachonunua, akinunua, ni mfumo wa eka moja. Mama akashusha thamani ya ulizo lile kwa sehemu tisa kati ya kumi, kabla asilimia yoyote haijaguswa. Akanieleza kwamba kwenye hatua ya ulizo thamani ni ya kubuni siku zote, kwa hiyo ulizo lolote ambalo chanzo chake cha maji hakijulikani haliandikii thamani ya ekari zilizotajwa. Analiandikia wastani wa kile ambacho waulizaji wa aina hiyo walinunua mwishoni. Mchoro ukishatoka, thamani halisi inachukua nafasi yake. Watu wengi wanaofanya hesabu hii huchunga asilimia na kuiacha thamani ijiendee. Yeye aliona kwamba asilimia sahihi ikizidishwa kwa thamani ya ndoto huzaa ndoto.

Baada ya kusafisha, daftari lilibaki na wateja 32. Mmoja aliwekwa pembeni, nitarudi kwake. Wale 31 walikuwa na jumla ya shilingi milioni 370: maulizo 12 ya milioni 120, ziara 8 za milioni 90, bei 7 za milioni 100, makubaliano 4 ya milioni 60. Kwenye Ekseli safu ya D ilikuwa thamani, safu ya E asilimia ya hatua. Fomula yenyewe ni mstari mmoja:

```
=SUMPRODUCT(D2:D32,E2:E32)
```

Inazidisha kila thamani kwa asilimia yake na kujumlisha yote. Maulizo yalitoa milioni 18, ziara 27, bei 45, makubaliano 45. Jumla milioni 135. Nilitazama namba mbili za mwisho: milioni 60 za watu wanne waliokubali zina uzito sawa na milioni 100 za watu saba wenye profoma. Hapo ndipo niliposhika kazi ya uzito huu. Unamwezesha muuzaji kulinganisha mteja wa karibu na mteja wa mbali bila kumdharau yeyote kati yao.

Kijana mmoja hakuridhika na asilimia 45 ya mteja wake. Huyu ni mjomba wangu, alisema, huyu atalipa kwa hakika, niandikie 90. Mama hakumkatalia kwa ukali. Alimwambia aandike habari ya ujomba kwenye safu ya maelezo, kwa sababu inaweza kusaidia katika mazungumzo, lakini asilimia ni mali ya hatua. Mjomba akionyesha fedha itatoka wapi, atahamia makubaliano na asilimia itapanda yenyewe. Kila muuzaji akiruhusiwa kupandisha wateja anaowapenda, kumbukumbu ya maulizo 240 inageuka kuwa maoni ya watu watatu.

Sasa yule aliyewekwa pembeni. Ni shamba kubwa la mwekezaji linalotaka mfumo wa shilingi milioni 300, na liko kwenye hatua ya bei. Kwa kanuni, milioni 300 kwa asilimia 45 ni milioni 135, yaani sawasawa na uzito wa wateja wengine wote 31 kwa pamoja. Ungeliingiza, makadirio yangesoma milioni 270. Lakini shamba lile halitalipa milioni 135. Litalipa 300 au halitalipa kitu. Mapato ya duka yataangukia karibu na 135 au karibu na 435, na ile 270 iliyoandikwa kwa wino mzuri ni namba ambayo haina njia ya kutokea. Uzito wa asilimia unafaa pale wateja ni wengi na hakuna mmoja anayewazidi wenzake mno, kwa kuwa hapo anayeshindwa huku hufidiwa na anayelipa kule.

Tena, asilimia 45 yenyewe si ya shamba kama lile. Akatafuta kwenye kumbukumbu zake mifumo ya zaidi ya milioni 100 iliyowahi kufika hatua ya bei. Ilikuwa 9, iliyolipwa 2. Mashamba makubwa huita wauzaji kadhaa, huwa na bodi, na huweza kuahirisha mwaka mzima. Mbili kati ya tisa ni chache mno kuziamini kama asilimia, naye hakujifanya kuziamini. Akaandika mstari mmoja chini ya jumla: shamba kubwa, milioni 300, halimo kwenye makadirio, likilipa, kontena lake litaagizwa kwa malipo yake ya awali.

Nilidhani amemaliza, kumbe milioni 135 zilikuwa jibu la swali jingine. Zinasema wateja hawa watalipa kiasi gani hatimaye. Hazisemi watalipa lini, na duka halina robo iitwayo hatimaye. Kwa hiyo alirudi tena kwa walipaji wake 36 na kuuliza, kwa kila hatua, ni wangapi kati ya waliolipa walifanya hivyo ndani ya siku 90 tangu walipokuwa hapo. Waliokuwa kwenye makubaliano, tisa kati ya kumi. Bei, saba kati ya kumi. Ziara, nusu. Ulizo, watatu kati ya kumi. Akaongeza safu ya F yenye sehemu hizo na kupanua fomula:

```
=SUMPRODUCT(D2:D32,E2:E32,F2:F32)
```

Milioni 18 za maulizo zikawa 5.4. Milioni 27 za ziara zikawa 13.5. Bei 31.5, makubaliano 40.5. Jumla, kwa kuifupisha, milioni 91. Tulianza na 370, tukapita 135, tukafika 91, na hakuna hatua hata moja katikati iliyohitaji kubahatisha. Wateja ambao hawajajulikana bado, wale watakaokuja Julai na kulipa Agosti, aliwaandikia mstari wao kutokana na robo kama hii miaka iliyopita, bila kuwachanganya na hawa.

Jioni hiyo ndipo aliponieleza jambo ambalo fomula hailijui. Hesabu ya uzito inachukulia kila mkulima anaamua peke yake. Chukua wale wanne wa makubaliano, kila mmoja kwa asilimia 75: wakiamua kila mtu kivyake, uwezekano wa wote wanne kulipa ni kama asilimia 32, na uwezekano wa kulipa mmoja tu au asilipe yeyote ni asilimia 5 tu. Inatia moyo. Lakini watatu kati yao wanalima nyanya na kuziuza soko moja. Bei ya nyanya ikianguka Dar es Salaam mwezi Julai, wataahirisha wote watatu ndani ya wiki ile ile. Mvua ikitangulia, wenye shaka wote watasema tusubiri tuone. Wakulima wa bonde moja husogea pamoja, na pamoja husimama. Kwa sababu hiyo robo mbaya huwa mbaya kuliko fomula inavyotabiri, na robo nzuri huwa nzuri zaidi.

Dawa yake si hesabu ngumu. Ana nakala za makadirio ya robo nane zilizopita, na mbele ya kila moja ameandika kilichoingia kweli. Robo mbaya kuliko zote ilileta asilimia 70 ya kilichokadiriwa, nzuri kuliko zote asilimia 125. Akazidisha 91 kwa hizo mbili, akapata milioni 64 kwa chini na 114 kwa juu, akaziandika zote kando ya 91. Mwenye duka alipokuja kuuliza namba, hakupewa moja. Alipewa tatu, na kila moja ikiwa na matumizi yake. Mipira ya matone, poli paipu na viungio, vitu ambavyo shamba lolote hutumia na visivyooza, viliagizwa kufikia namba ya kati. Pampu za sola, ambazo huchaguliwa kwa kina cha kisima cha mtu mmoja na hazimfai jirani yake, ziliagizwa kwa waliokwisha kulipa tu. Ahadi za kulipa wenye mali na mishahara zilipangwa kwa namba ya chini.

Kisha akafanya jambo dogo ambalo ndilo lililofanya yote hayo yawezekane. Alihifadhi nakala ya faili, akaipa jina la tarehe, Julai 1, akaifunga isibadilishwe. Daftari linalotumika kila siku hubadilika. Mteja akilipa huondoka, akilala huhamishwa, na baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka lilisema nini mwanzoni. Nakala iliyofungwa inakumbuka. Wengi huacha hatua hii, na bila hiyo makadirio hayawezi kukosolewa, kwa maana hayapo tena.

Septemba ilipokwisha alifungua nakala ile mbele ya vijana. Wateja wale 31 walikuwa wameleta shilingi milioni 84. Kati ya wanne wa makubaliano walilipa watatu. Shamba kubwa lilikuwa bado linasubiri bodi yake. Kijana mmoja akapendekeza asilimia ya makubaliano ishushwe, kwa sababu ukijumlisha robo za mwaka mzima, walioanza robo wakiwa hapo walikuwa 20 na waliolipa 14, ambayo ni asilimia 70, si 75. Mama akatikisa kichwa. Kwa asilimia 75 ulitegemea 15, umepata 14. Mtu mmoja kati ya ishirini si sababu ya kubadilisha kumbukumbu ya miaka miwili. Wangekuwa 9 au 10, angetafuta kilichovunjika, na angeanzia kwenye sharti la hatua: huenda vijana wameanza kuwaingiza watu ambao fedha yao haijaonekana. Namba aliziacha kama zilivyo, akaongeza wateja waliokwisha robo ile kwenye wale 240, akaanza hesabu ya Oktoba.

Ninaandika haya nikiwafikiria wauzaji wa pampu na mabomba wa Njombe, Mbeya, Moshi na kwingineko, ambao wana daftari lililojaa majina na hawajui lina thamani gani. Msianze na asilimia. Anzeni leo kuandika, kwa kila mkulima, tarehe aliyoingia kila hatua na kitendo alichofanya kustahili kuingia, na aliyenyamaza mwandikeni kuwa amepotea. Mwaka mmoja wa tarehe hizo unatosha kupata asilimia zenu za kwanza. Za duka la Iringa hazitawafaa, kwa sababu wakulima wenu ni wengine.